Deki Yako Haisomeki kwa Simu? Irekebishe Kabla Uirushe WhatsApp

Tuseme uko na deki ya slaidi 12 ya kutafuta sponsa wa tonamenti ya mtaa. Kwa laptopu inang'ara. Unairusha WhatsApp, msee anaifungua akiwa kwa mathree, anaona maneno madogo ka mchanga, anaifunga. Doo ya jezi imeenda hivyo.

Shida ni hesabu tu. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa karibu sentimita 34. Simu ikiwa imesimama, skrini ina kama 7. Kila kitu kinapungua mara tano, so maneno ya saizi 18 yanabaki ka saizi 4. Ndio, anaweza kulaza simu, lakini wengi wamezima hiyo kitu ya skrini kujigeuza.

Dawa ni kusimamisha slaidi. Kwanza seti kopi, usiguse ile ya projekta. Ingia Design, Slide Size, Custom Slide Size, uweke Width 19.05 cm na Height 33.87 cm. Ikikuuliza, chagua Ensure Fit ndio kitu chochote kisikatwe. Hapo usishtuke, maneno yatakuwa yamepungua hata zaidi. Yarudishe mpaka saizi 28, ambayo kwa simu inasomeka ka saizi 10, kama gazeti hivi.

Saa hii nafasi itakuwa kidogo, na jedwali ndio litakusumbua. Ile bajeti ya safu sita, yaani kitu, idadi, bei, jumla, nani analipa, lini, haiwezi toshea. Usiifinye. Slaidi moja iseme "Jezi: 22 kwa 800, jumla 17,600", inayofuata iseme refa, hivyo hivyo. Slaidi zikifika 20 si noma, kidole kinateleza tu.

Sasa uzito. Mara mingi kinacholemea faili ni picha za kamera. Bonyeza picha moja, uende Picture Format, Compress Pictures. Toa tiki kwa "Apply only to this picture", weka kwa "Delete cropped areas of pictures", kisha chagua 150 ppi. Faili ya MB 18 ikienda kwa grupu ya watu 25, wakiifungua wote ni MB 450 za bando zao. Ukiishusha mpaka MB 2, ni 50 tu.

Maliza kwa kuseti ka PDF, ndio fonti zisibadilike kwa simu ya mwingine. Video na animesheni hazitacheza humo, so video itume kando. Na usitume skrinshoti za slaidi. WhatsApp hufinya picha, maneno yanakuwa ukungu. Tuma PDF ka Document.

Kabla ifikie sponsa, jitumie mwenyewe. Fungua na simu, usivute skrini na vidole. Slaidi yenye utalazimika kuvuta ndio usomee, hiyo bado ina maneno mengi. Igawanye mara mbili.