Basi la Saa 3:40 Usiku Litafika Saa Ngapi?

Chukua kikokotoo, andika 9.10, kisha utoe 7.55. Jibu ni 1.55. Karani wa mabasi akilipata jibu hilo ataandika kwamba gari lililoondoka saa 7:55 mchana na kufika saa 9:10 limetumia saa 1 na dakika 55, na hakuna atakayeshtuka. Lakini hebu hesabu polepole. Toka 7:55 hadi saa 8 ni dakika 5, hadi saa 9 ni saa nzima, halafu dakika 10. Jumla ni saa 1 na dakika 15. Zile dakika 40 za ziada zimetoka wapi? Kikokotoo kilipokopa saa moja kiliihesabu kuwa 100, na saa ina dakika 60.

Ukitoa 7.40 badala ya 7.55, utapata 1.70, na hapo utajua kuna kasoro kwa kuwa hakuna dakika ya 70. Kosa la namna hiyo halinisumbui. Linalonitisha ni lile la kwanza, lililovaa sura ya saa halali.

Watengeneza ratiba hulikwepa kwa kuacha kabisa kujumlisha saa na dakika kwa pamoja. Kila saa huigeuza kwanza iwe idadi ya dakika zilizopita tangu saa 6 kamili usiku. Saa 6 usiku yenyewe ni 0, na siku nzima ina dakika 1,440. Baada ya hapo hesabu ni ya namba za kawaida, na kikokotoo chochote kinaiweza.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna hatua moja zaidi, maana saa zetu huanza alfajiri na jioni, si usiku wa manane. Zidisha saa kwa 60, ongeza dakika zake, kisha ongeza 360 ikiwa ni saa ya mchana au 1,080 ikiwa ni ya usiku. Saa 12 ihesabu kuwa 0. Jumla ikifika 1,440 au kuzidi, punguza 1,440. Angalia tu usidanganywe na majina ya nyakati: saa 11 jioni bado iko upande wa mchana, nayo ni dakika ya 1,020, ilhali saa 11 alfajiri iko upande wa usiku, nayo ni dakika ya 300. Upande hubadilika saa 12 inapogonga.

Sasa tupande basi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, safari ya kuvuka usiku wa manane ni jambo la kila siku. Tuseme gari linaondoka saa 3:40 usiku na safari ni ya saa 9 na dakika 35. Saa 3:40 ni dakika 220. Ongeza 1,080, unapata 1,300. Safari ni dakika 575. Jumla ni 1,875, na kwa kuwa imepita 1,440, tunajua gari litafika kesho yake. Punguza 1,440, inabaki 435.

Kurudi kwenye saa, gawanya 435 kwa 60. Unapata 7, na baki ni 15. Kwenye ratiba itaandikwa 07:15, na abiria ataambiwa saa 1:15 asubuhi. Baki ndiyo dakika. Ukiiacha kikokotoo kigawanye chenyewe kitakupa 7.25, na mtu mwenye haraka ataandika 7:25.

Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa dakika ya kuondoka iko B2 na ya kufika iko C2, muda wa safari hupatikana hivi:

```
=MOD(C2-B2,1440)
```

Kwa basi letu, 435 kutoa 1,300 ni hasi 865, na fomula huirudisha kuwa 575. Ila safari ikizidi saa 24 fomula hiyo itaimeza siku nzima bila kusema. Ndiyo maana faili za ratiba za GTFS, zinazotumiwa na programu za usafiri, haziikati namba inapovuka usiku wa manane. Basi letu humo huandikwa kuwa linafika `31:15:00`, yaani dakika ile ile ya 1,875, ikihesabiwa tangu siku ya kuondoka.

Abiria, hata hivyo, hasomi dakika, anasoma tarehe. Niliwahi kumwona mama mmoja kituoni, tiketi yake imeandikwa tarehe 14, saa 6:30 usiku. Kwa hesabu ya ofisi hiyo ni dakika ya 30 ya tarehe 14, siku ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Yeye alishinda nyumbani tarehe 14 akifunga mizigo, akaja usiku wake. Basi lake lilikuwa limeondoka tangu jana. Tiketi ingeandikwa "usiku wa tarehe 13 kuamkia 14", angesafiri.