Nyumbani ni Wapi? Kwa Nini Kaulimbiu Haitafsiriwi Neno kwa Neno

Muulize mpangaji wa Riruta, Nairobi, nyumbani kwake ni wapi. Hatakuonyesha chumba anacholipia kodi kila mwezi. Atakutajia Vihiga, Murang'a au Makueni, mahali alipozaliwa babake na ambako yeye mwenyewe anatarajia kuzikwa. Chumba cha Riruta kwake ni nyumba tu, au keja, kama wasemavyo vijana wa huko. Sasa muulize kijana wa Kibokoni, Mombasa, swali lilo hilo. Atakunyooshea kidole mlango ulio nyuma yake. Neno ni moja na lugha ni moja, lakini jibu si moja.

Tofauti hii ina uzito wa fedha. M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya Machi 2007, ilikuwa imeanza kama mradi wa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa kwa simu. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu wanaitumia kwa jambo jingine: wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Safaricom ikaiweka kando habari ya mikopo na kuitangaza huduma kwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo, ukiyafasiri moja moja, ni "tuma pesa nyumbani".

Mtaa kama Riruta haukuhitaji maelezo. Mtu aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ampelekee mamake alielewa mara moja anaambiwa nini. Neno "nyumbani" lilimletea mama, shamba, karo ya mdogo wake na deni la kifamilia ambalo halimaliziki. Maneno hayo matatu hayakutaja lolote kati ya hayo. Yote yalikuwa tayari kichwani mwa msomaji, na tangazo liliyagusa tu.

Yalete sasa Pwani. Wako wengi Mombasa waliotoka bara, na hao nao waliuelewa ujumbe kama mwenzao wa Riruta. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Kibokoni, anayelala nyumba moja na mamake na kula sinia moja na nduguze, "tuma pesa nyumbani" ni sentensi isiyo na kazi. Atume kutoka wapi kwenda wapi? Huyu pesa zake zina safari nyingine: mchango wa arusi ya binti wa shangazi, gharama za hitima, malipo ya mwenye duka wa Lamu kwa muuzaji wa jumla wa Mombasa. Ningetakiwa kumwandikia yeye, ningeanza na arusi, wala neno "nyumbani" nisingeligusa. Huduma ni ile ile, bei ni ile ile, ila mlango wa kuingilia moyoni mwake ni mwingine.

Hapo ndipo siri ya kaulimbiu ilipo. Barua ya mkataba hubeba maana yake yote ndani ya maneno, kwa hiyo mfasiri mwangalifu anaweza kuihamisha. Kaulimbiu ina maneno matatu au manne, na nusu ya maana yake anayo msikilizaji. Ukihamisha maneno peke yake, nusu ya pili unaiacha ng'ambo.

Majirani zetu wa Tanzania wametupa mfano mzuri. Kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilikuwa na kaulimbiu ya maneno matatu ya Kiingereza ambayo kwa tafsiri ya moja kwa moja yangekuwa "nguvu kwako". Jaribu kuyaandika maneno hayo kwenye ukuta wa mji wowote wa Afrika Mashariki. Macho ya mpita njia yamezoea vibao vya waganga vinavyoahidi nguvu za kiume, na kampuni ya simu ingejikuta kwenye foleni moja na wauza dawa za mizizi. Vodacom Tanzania, ilipoingia kwenye rangi nyekundu mwaka 2011, ilisema "Kazi ni kwako". Nguvu haimo humo kabisa. Lakini mtu akishakupa kila unachohitaji, kisha akakwambia "haya, kazi kwako", umejua kwamba uamuzi uko mikononi mwako. Ndilo wazo la Kiingereza, limevaa nguo za hapa.

Mwaka 2017 Vodafone ilibadilisha kaulimbiu. Mpya ilidai kwamba wakati ujao unasisimua, ikamalizia kwa kuuliza kama uko tayari. Tazama tafsiri hiyo ilivyo nzito. "Wakati ujao" unanuka chaki ya somo la sarufi, na "kusisimua" huenda kukamfanya mtu afikirie nywele kusimama kwa hofu. Vodacom Tanzania ikatoa "Yajayo yanafurahisha". Nomino imeondolewa, kikabaki kiambishi "ya", kama tunavyosema katika methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sikio la Mswahili linaitambua sauti hiyo hata kabla ya kuitafakari, na ndiyo maana maneno hayo yaliingia midomoni mwa watu.

Mifano hiyo ilifaulu. Tuchukue sasa moja ngumu, tuifanye hatua kwa hatua. Sabuni ya Omo, ya kampuni ya Unilever, imetangazwa duniani kwa miaka mingi kwa kaulimbiu ya Kiingereza ambayo neno kwa neno ni "uchafu ni mzuri". Hoja yake ni kwamba mtoto akicheza hujifunza, na akicheza huchafuka, basi mzazi asimzuie. Mzazi mwenye mashine ya kufulia hutabasamu akalikubali.

Peleka sentensi hiyo Riruta msimu wa masika. Vichochoro vimejaa tope. Mama anafua kwa mikono ndani ya beseni, maji huenda ameyanunua kwa mtungi wa lita 20, na sare ya shule ni moja, lazima ikauke kabla ya asubuhi. Kwake uchafu ni maji, ni sabuni na ni mgongo unaouma. Umwambie uchafu ni mzuri, ataona unamcheka.

Ilete Pwani, kizingiti ni kingine kabisa. Huku mtoto amelelewa kwa maneno kwamba usafi ni nusu ya imani. Nguo huangaliwa kama ina twahara kabla ya mtu kusimama kuswali. Tena neno "uchafu" kwetu halikomi kwenye tope. Mtu mwenye mambo machafu si mtu aliyekosa sabuni, ni mtu aliyekosa adabu. Kwa hiyo bango lenye "uchafu ni mzuri" mbele ya msikiti halisomwi kama mzaha wa watoto. Linasomwa kama tusi.

Basi hatua ya kwanza ni kuyaweka maneno kando na kuuliza: tangazo linamtaka mama afanye nini, na kwa nini akubali? Hapa jibu ni fupi. Amwache mtoto acheze, kwa sababu nguo itasafika bila taabu. Hatua ya pili ni kuliandika jibu hilo kwa Kiswahili bila kuutazama tena ule Uingereza wa mwanzo. Nimejaribu hivi, kwa mfano tu: "Mtoto acheze, nguo itatakata." Kwa sikio la Pwani sentensi hiyo ni tamu, maana kutakata ni neno la kufulia hasa. Lakini Riruta huenda wengi wasilitumie, na kaulimbiu inayohitaji kamusi imekufa. Jaribio la pili: "Mwache acheze, doa tuachie." Maneno yote ni ya kawaida pande zote mbili, "mwache" na "tuachie" yanaitikiana, na mzigo umehamishwa kutoka mgongoni mwa mama hadi kwa mwenye sabuni. Na lile neno la uchafu halimo.

Hatua ya tatu ni kupima, na kipimo chake hakihitaji mitambo. Wasomee watu watano au sita wa mahali husika, mmoja mmoja, bila kuwaonyesha Kiingereza. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watu wetu wana heshima na watakwambia ni nzuri. Uliza: "Hapa unaambiwa ufanye nini?" na "Nani angesema maneno haya?" Wakijibu kwamba wanaambiwa wamwache mtoto acheze, umefika. Wakikaa kimya kisha wakasema "labda wanamaanisha", umetafsiri tu. Na wakicheka pahali ambapo hukuweka kichekesho, ondoa neno hilo siku hiyo hiyo, kwa sababu lina maana ya mtaani ambayo wewe huijui.

Hatua ya nne husahauliwa sana, nayo ni picha. Picha pia ni lugha. Mtoto aliyejaa tope katika bukta ya mpira atakubalika Riruta na Pwani. Umvike mtoto huyo kanzu na kofia ya madrasa halafu umgaragaze kwenye tope, basi umerudisha kwa mlango wa nyuma tusi ulilolitoa kwa mlango wa mbele.

Kuna mpaka mmoja ambao uhuru huu haupaswi kuuvuka. Chukua "Okoa Jahazi", huduma ya Safaricom ya kukopesha muda wa maongezi. Jina hilo ni zuri mno. Jahazi ni letu watu wa bahari, lakini hata mtu wa Riruta ambaye hajawahi kupanda chombo anajua kwamba jahazi likizama hakuna anayebaki juu. Hakuna tafsiri ya "mkopo wa muda wa maongezi" ambayo ingeishi miaka yote hii. Lakini ni mkopo, una ada ya asilimia 10, na jina halisemi hivyo. Si kazi ya jina kusema. Ni kazi ya maelezo yaliyo chini yake.

Kwa hiyo mwenye kuandaa tangazo ana kazi mbili zinazopingana. Kaulimbiu aitunge upya, kwa ujasiri, kwa masikio ya watu wa mahali. Ada, tarehe ya kulipa, na kitakachotokea usipolipa, hayo ayatafsiri neno kwa neno, tena kwa Kiswahili ambacho bibi yake ataelewa. Mara nyingi tunaona kinyume chake: kaulimbiu imetafsiriwa kama mkataba, na masharti yameachwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Ukiliona tangazo la namna hiyo, liwe kwenye ukuta wa Riruta au wa Kongowea, soma zile herufi ndogo kwanza. Na kama huzielewi, muulize wakala akueleze kwa Kiswahili kabla hujabonyeza namba yako ya siri.