Fungu la Machungwa na Siri ya Tofauti za Tofauti

Msomaji apitaye katika Soko la Majengo mjini Dodoma hataacha kuona jinsi wauzaji wanavyopanga bidhaa zao. Nyanya na machungwa havimwagwi ovyo mezani; hupangwa mafungu yenye kitako kipana na kilele kilichochongoka. Fungu kubwa la machungwa huweza kupangwa hivi: chini kabisa tabaka la mraba, mathalan machungwa matano kwa matano; juu yake, katika vishimo vilivyo baina ya yale ya chini, tabaka la manne kwa manne; kisha matatu kwa matatu, mawili kwa mawili, na mwisho chungwa moja kileleni. Je, fungu la matabaka kumi lingehitaji machungwa mangapi?

Tuhesabu kuanzia kileleni. Fungu la tabaka moja lina chungwa 1. La matabaka mawili lina 1 na 4, yaani 5. La matatu lina 14, la manne 30, la matano 55, na la sita 91. Hebu sasa tuwape wanafunzi namba hizi peke yake, bila kuwatajia machungwa:

1, 5, 14, 30, 55, 91, ...

Mwanafunzi aliyezoea mifuatano rahisi hutafuta kwanza namba moja inayoongezwa kila mara. Huona kwamba tofauti ni 4, kisha 9, kisha 16. Tofauti hazilingani, naye aghalabu hukata tamaa na kusema kwamba mfuatano huu hauna kanuni. Kosa lake si hesabu, bali ni kusimama mapema mno. Tofauti hizo nazo ni mfuatano, na zinastahili kuulizwa swali lile lile: baina yake pana tofauti gani? Tuandike kila mstari chini ya mwenzake, tukianza na fungu lisilo na tabaka lolote, ambalo lina machungwa 0.

Jumla: 0, 1, 5, 14, 30, 55, 91
Tofauti za kwanza: 1, 4, 9, 16, 25, 36
Tofauti za pili: 3, 5, 7, 9, 11
Tofauti za tatu: 2, 2, 2, 2

Mstari wa pili ni namba za mraba, wa tatu ni namba witiri zianzazo na 3, na wa nne haubadiliki kabisa. Mpango uliokuwa umejificha umejitokeza. Ili kupata jumla ya fungu la saba, tunapanda kutoka chini kwa kujumlisha tu: 2 na 11 ni 13, 13 na 36 ni 49, 49 na 91 ni 140.

Tungeweza kuendelea hivyo hadi tabaka la kumi, lakini iko njia fupi. Tazama namba ya kwanza ya kila mstari: 0, 1, 3, 2. Namba hizi nne zinatosha kuuzalisha mfuatano mzima. Kwa matabaka 10, ile 1 huzidishwa kwa 10. Ile 3 huzidishwa kwa 10 × 9 ÷ 2, yaani 45. Na ile 2 huzidishwa kwa 10 × 9 × 8 ÷ 6, yaani 120. Vizidisho hivi huhesabu ni mara ngapi kila namba ya mwanzo hujumlishwa hadi kufikia jibu. Tunapata 10 + 135 + 240 = 385. Anayetilia shaka ajumlishe miraba yote kuanzia 1 hadi 100, naye atapata 385 ile ile. Njia hii ilichapishwa na Isaac Newton katika kitabu chake Principia mwaka 1687.

Jedwali la tofauti lina faida nyingine, nayo ni kufichua makosa. Tuseme karani wa ghala amenakili orodha yetu na kwa bahati mbaya akaandika 31 mahali pa 30. Kosa la moja ni dogo, na macho hulipita. Lakini tufanye tofauti hadi mstari wa nne, tukiiongeza 140 mwishoni mwa orodha:

Jumla: 0, 1, 5, 14, 31, 55, 91, 140
Tofauti za kwanza: 1, 4, 9, 17, 24, 36, 49
Tofauti za pili: 3, 5, 8, 7, 12, 13
Tofauti za tatu: 2, 3, -1, 5, 1

Mstari uliopaswa kuwa na 2 tupu sasa umevurugika. Toa 2 katika kila namba yake, na zitabaki 0, 1, -3, 3, -1. Kosa moja la kiasi cha 1 huacha daima alama hii: 1, -3, 3, -1. Kama kosa lingekuwa 5, alama ingekuwa 5, -15, 15, -5. Kwa hiyo jedwali hutuambia kwamba kosa lipo, na pia ukubwa wake. Mahali pake hujulikana pia: kosa limo katika namba ya mwisho iliyotumika kupata tofauti ya kwanza iliyoharibika. Hapa tofauti hiyo ni ile 3, iliyotokana na 1, 5, 14 na 31. Basi 31 ndiyo yenye kosa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Chora duara, weka vitone juu ya mzingo wake, kisha unganisha kila kitone na vingine vyote kwa mistari iliyonyooka, ukihakikisha kwamba mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani ya duara. Hesabu vipande vya duara. Kitone kimoja hutoa kipande 1, viwili hutoa 2, vitatu 4, vinne 8, vitano 16. Tofauti zake ni 1, 2, 4, 8, nasi tunashawishika kuapa kwamba vitone sita vitatoa 32. Hesabu kwa makini: ni 31. Namba tano za mwanzo zilikubaliana na kanuni mbili tofauti, na jedwali pekee halikuweza kuamua kati yake.

Basi kwa nini tuliiamini 385? Si kwa sababu zile 2 nne zilipendeza macho. Tuliiamini kwa kuwa tunajua chanzo cha tofauti za kwanza: kila tofauti ni tabaka jipya linalowekwa chini ya fungu, na kila tabaka ni mraba. Jedwali hutuonyesha mahali pa kutafuta kanuni. Sababu ndiyo inayoithibitisha. Mwalimu asitosheke na mwanafunzi aliyetaja namba inayofuata, bali amwulize: tofauti hizo ni idadi ya kitu gani?

Zoezi: Muuzaji mwingine hupanga fungu lake kwa matabaka ya pembetatu: nyanya 1 kileleni, 3 chini yake, kisha 6, kisha 10. Jumla zake ni 1, 4, 10, 20. Andika jedwali la tofauti ukianza na 0, onyesha mstari usiobadilika, kisha utafute idadi ya nyanya katika fungu la matabaka kumi. Ukipata 220, umefuata njia sahihi. Sasa eleza sababu.