Kipande Kimoja cha Sabuni Kiuzwe Shilingi Ngapi?

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa muda mrefu akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani ya mashariki waliuvuna, wakauanika, wakaufunga magunia na kumuuzia mnunuzi kwa bei aliyoitaja yeye. Baadaye watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, waliwafundisha kuusaga na kuuchanganya kwenye sabuni. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo gunia halikuwa nalo, kwa sababu mwenye sabuni hutaja bei mwenyewe.

Aitaje ngapi? Wengi hujibu kwa njia moja kati ya mbili. Wapo wanaojumlisha gharama na kuongeza faida juu yake, na wapo wanaotazama jirani anauzaje nao wakauza vivyo hivyo. Njia zote mbili zina maana, lakini kila moja ikitumika peke yake huacha pengo. Namna nzuri ya kuliona pengo hilo ni kukifuata kikundi kimoja cha mfano, chenye wanachama wanaotengeneza sabuni ya mwani na mchaichai, tangu jikoni hadi dukani. Bei za malighafi na za maduka zilizomo humu ni za kuonyesha hesabu tu. Atakayeifanya hesabu yake ataweka bei anazozikuta mwenyewe Darajani au sokoni kwake.

Pishi moja la kikundi hiki linatumia kilo 3 za mafuta ya nazi, kilo 1 ya mawese na kilo 1 ya alizeti, pamoja na gramu 785 hivi za kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Huongezwa unga wa mwani na mafuta ya mchaichai, ambayo hukamuliwa Pemba. Tuseme mafuta matatu ya kupikia sabuni yanagharimu shilingi 36,000, kostiki 4,000, mchaichai 12,000 na mwani 2,000. Jumla ni 54,000.

Mchanganyiko huo una uzito wa kilo saba na nusu hivi, na kwa haraka mtu angesema utatoa vipande 75 vya gramu 100. Hautoi. Sabuni inayotengenezwa bila kupikwa motoni huachwa ikomae kwa wiki nne hadi sita, na katika muda huo maji yake mengi hutoka. Kipande kinachotakiwa kuwa na gramu 100 siku ya kuuzwa lazima kikatwe kikiwa na gramu 115 hivi. Ukiondoa na ncha za mche zilizopinda na vipande vilivyovunjika, kikundi kinabaki na vipande 60 vinavyofaa kuuzwa. Malighafi ya kila kimoja ni shilingi 900. Aliyegawa kwa 75 angeandika 720 na kuanza hesabu yake yote chini ya ukweli.

Karatasi na lebo ni shilingi 300 kwa kipande. Kisha kuna ujira, kitu ambacho vikundi vingi havikiandiki kwa sababu wanachama hufanya kazi wenyewe. Watu wawili hutumia saa 3 kuchanganya na kumimina kwenye kalibu, saa 1 kukata na saa 2 kufunga. Wakilipwa shilingi 1,500 kwa saa, pishi lina ujira wa 18,000, yaani 300 kwa kipande. Mpaka hapa kipande kimefika 1,500, na fedha hizo hutumika kila kinapotengenezwa kingine.

Zimebaki gharama zisizojali idadi ya vipande: kodi ya chumba, taa, nauli za kwenda mjini, ada za ukaguzi na usajili, kalibu zinazochakaa. Tuseme kwa mwezi ni shilingi 240,000. Kikundi kikipika mara 8 kinapata vipande 480, na kila kimoja kinabeba 500. Gharama kamili inakuwa shilingi 2,000.

Sasa inaongezwa faida. Kikundi kikiongeza nusu ya gharama, bei ni 3,000, na kwa anayeuza mwenyewe barazani kwake hesabu hiyo imekamilika. Lakini sabuni hii inakwenda kwenye maduka ya watalii, na mwenye duka naye anataka sehemu yake. Akibakiza asilimia 30 ya bei ya rafuni, katika 3,000 atachukua 900 na kukiachia kikundi 2,100. Faida iliyoonekana kuwa shilingi 1,000 imekuwa 100.

Ndiyo maana hesabu ya gharama na nyongeza inapaswa kuanzia kwenye bei ya jumla. Kikundi kinaamua kwanza kinachotaka kiingie mkononi mwake, kwa mfano 2,600, yaani gharama na asilimia 30 juu yake. Duka likichukua asilimia 35 ya bei ya mwisho, hizo 2,600 ni asilimia 65 iliyobaki. Ukigawa 2,600 kwa 0.65 unapata 4,000. Hiyo ndiyo bei atakayoiona mnunuzi, na kikundi kinapouza chenyewe kwenye maonyesho hutaja hiyohiyo 4,000, la sivyo maduka yatajikuta yanapunjwa na mtu anayewaletea mzigo.

Je, kuna atakayeitoa hiyo 4,000? Karatasi ya gharama haiwezi kujibu swali hilo. Hapo inabidi mtu atoke na daftari, azunguke madukani.

Anachoandika kwanza ni uzito, kwa sababu vipande havilingani. Tuseme kwenye duka la mtaani amekuta sabuni ya kiwandani ya gramu 100 kwa 1,500, yaani shilingi 15 kwa gramu. Sabuni ya mkono ya kikundi kingine ina gramu 80 na inauzwa 3,200, ambayo ni 40 kwa gramu. Nyingine ina gramu 120 na inauzwa 4,200, sawa na 35 kwa gramu. Kwenye duka la hoteli kipande cha gramu 100 kilichofungwa kwa kijiboksi kinauzwa 9,000, yaani 90 kwa gramu. Ukitazama bei tupu, ya 4,200 ndiyo ghali kati ya zile mbili za mkono. Ukitazama gramu, ndiyo rahisi.

Sabuni ya kiwandani haina budi kuwekwa pembeni. Kiwanda hununua mafuta kwa tani na mara nyingi hutoa gliserini na kuiuza kando, wakati sabuni ya mkono hubaki nayo. Malighafi na karatasi za kikundi peke yake ni 1,200, kabla ya ujira na kodi, na kutoka hapo hakuna njia ya kufika rafuni kwa 1,500. Anayeshusha bei ili kuifuata sabuni hiyo hatampata mnunuzi wake. Atakachopoteza ni ujira wake.

Washindani wa kweli ni wale wawili wa 35 na 40. Hata hao hawafai kuigwa hivihivi. Bei ya rafuni haisemi kama jirani anajilipa ujira, kama chumba chake ni cha bure, au kama mradi fulani ulimpa kalibu na malighafi. Wala haisemi kama mzigo unatoka. Kwa hiyo mwenye daftari anatazama vumbi na tarehe ya kutengenezwa, anamuuliza muuzaji ni vipande vingapi vimetoka wiki iliyopita, na anarudi baada ya wiki mbili kuona kama ni vilevile. Anauliza pia kama duka lililipa taslimu au lilichukua kwa mali kauli. Bei ya juu iliyoachwa kwa mali kauli, na sabuni zake zimepauka kwa jua la dirishani, haimthibitishii mtu chochote.

Kwa kikundi chetu, 4,000 kwa gramu 100 ni shilingi 40 kwa gramu. Kimesimama sawa na mshindani wa juu, na kina mwani na lebo nadhifu ya kujitetea. Bei hiyo inaweza kujaribiwa. Laiti washindani wangekuwa kwenye 25, hesabu ingekuwa inakionya kikundi kwamba bidhaa hii, kwa njia hii ya kuitengeneza, bado haina nafasi sokoni. Hapo pa kugusa ni gharama: harufu ya bei nafuu zaidi, karatasi nyepesi, au duka linalotaka sehemu ndogo.

Lipo jambo jingine ambalo hesabu ya gharama hulificha. Zile shilingi 500 za kodi na nauli zilipatikana kwa kudhani kuwa vipande 480 vinauzwa kila mwezi. Vikiuzwa 240, kila kimoja kinabeba 1,000, gharama inapanda hadi 2,500, na faida katika bei ya jumla ya 2,600 inabaki 100. Linganisha na kupanda kwa bei ya nazi, jambo linalozungumzwa sana jikoni. Ikiwa mafuta ya nazi ya pishi yalikuwa 24,000 na yakapanda kwa nusu nzima, zinaongezeka 12,000 kwa vipande 60, yaani 200 tu kwa kipande. Kupungua kwa wanunuzi kunaumiza kuliko nazi, na kupandisha bei ili kufidia wanunuzi waliopungua huweza kuwapunguza zaidi.

Zanzibar jambo hili lina majira yake. Masika, kati ya Machi na Mei, watalii hupungua, lakini kodi ya chumba haipungui. Kikundi kikitarajia kuuza vipande 480 kwa miezi tisa na 240 kwa miezi mitatu, kwa mwaka ni vipande 5,040. Gharama za kudumu za mwaka, shilingi 2,880,000, zikigawiwa kwa idadi hiyo ni 570 hivi kwa kipande. Gharama ya kuandika kwenye daftari ni 2,070, si 2,000, na 2,600 inaacha 530 badala ya 600.

Mtego wa mwisho huja siku hoteli inapoomba kipande kidogo cha gramu 50. Wengi hugawa bei kwa mbili na kusema 1,300 kwa jumla. Malighafi hupungua kwa nusu kweli, kutoka 900 hadi 450. Karatasi na lebo zinabaki 300, na kazi ya kufunga huongezeka maradufu kwa sababu pishi sasa lina vipande 120, hivyo ujira ni 200 kwa kimoja. Jumla ni 950. Kipande kikubwa kikiuzwa 2,600 kinaacha 1,100 za kulipia kodi na kuleta faida. Kidogo kikiuzwa 1,300 kinaacha 350. Vinahitajika zaidi ya vitatu vidogo kufanya kazi ya kimoja kikubwa. Kikundi kinaweza kuiuzia hoteli kwa 1,700, au kukubali 1,500 kwa sharti kwamba vipande vitapelekwa bila karatasi, vikiwa vimepangwa ndani ya boksi moja, ili shilingi 300 za lebo na sehemu kubwa ya saa za kufunga ziondoke kwenye hesabu.