Maharage Yaliyopimwa kwa Saa

Katika safu ya wauza nafaka soko la Tandale, Dar es Salaam, karibu kila gunia limechomekwa kibao cha boksi, na karibu kila kibao kinasema yale yale: maharage bora, bei nafuu. Macho yanapita juu yake bila kusoma. Ila mwezi Agosti, gunia moja la maharage ya njano lilimsimamisha mwandishi wa makala haya. Kibao chake kilikuwa cha ubao mweusi, kimeandikwa kwa chaki: “Yamevunwa Juni, Mbozi. Yanaiva kwa saa moja na robo, maji ya bomba, bila kulowekwa.”

Gunia la pembeni nalo lilikuwa na lake: “Ya mwaka jana. Loweka usiku kucha. Kilo inapungua shilingi 500.”

Aliyeandika ni mchoraji mabango wa makamo, mpole, mwenye vidole visivyotoka rangi. Kwa miaka mingi ameandika neno “bora” kwenye kuta za maduka, na ndilo lililomchosha. “Mtu akiniambia nimwandikie bora, namuuliza, bora kuliko ya nani? Ananyamaza. Basi namwambia, twende tukapike.”

Na kweli walipika. Mama mwenye genge lenye magunia hayo alileta kikombe kimoja kutoka kila gunia. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, maji sawa, majiko mawili ya gesi yenye moto mmoja. Magadi mchoraji aliyakataza, kwa kuwa hulainisha hata punje kongwe na kipimo kingedanganya. Saa ilianza kuhesabiwa maji yalipochemka. Ilipotimia saa nzima, mzee alianza kuchota punje kumi kila baada ya dakika tano, akizibonyeza moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Tisa kati ya kumi zikipondeka bila kiini kigumu, sufuria hiyo imeiva.

Ya Mbozi yalifika dakika ya 75. Yale ya mwaka jana yalihitaji saa mbili na dakika ishirini.

“Mama aliniambia, mzee, mbona hilo la pili unanivunjia soko? Nikamwambia, mama, anayenunua gesi ya mtungi mdogo atajua tu, usiku, watoto wakisubiri. Bora ajue kwako.”

Tofauti hiyo haitokani na mkulima. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, kama ule wa maghala ya Pwani, kemikali zinazoshikamanisha seli za punje hubadilika, zikagandana kiasi kwamba maji na moto havizitenganishi upesi. Kwa jicho unaweza usione kitu. Maji nayo yana lake: ya kisima yenye chumvi za chokaa hurefusha mapishi, ndiyo maana kibao kinataja bomba.

Hakuna lililokuwa siri hapo. Kila muuzaji wa safu ile anajua gunia lipi ni jipya. Hakuna aliyekuwa ameliandika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Claude Hopkins alilikuta jambo hilo hilo katika kiwanda cha bia cha Schlitz, mjini Milwaukee. Watengenezaji wote walikuwa wakitangaza bia “safi”. Yeye akatembezwa kiwandani, akaona jinsi chupa zinavyooshwa na hewa inavyochujwa, akaamua kusimulia hayo. Wenyeji walimwambia kila kiwanda kinafanya hivyo. Alisimulia vivyo hivyo, na kwa maelezo yake katika kitabu cha 1927, Schlitz ikapanda kutoka nafasi ya tano hadi karibu na ya kwanza.

Mchoraji wa Tandale hamjui Hopkins. Ila shida anayoihangaikia yeye, Hopkins hakuwa nayo: chupa huoshwa kila siku, maharage huzeeka kila siku.

“Ndiyo maana naandika kwa chaki. Neno bora nililipaka kwa rangi ya mafuta, likakaa miaka kumi, maana halikuwa linasema kitu cha kuisha.”

Mwezi Novemba alirudi gengeni na sufuria zake. Gunia la Mbozi lilikuwa limebaki theluthi. Punje tisa zilipondeka dakika ya 95. Mama alisimama kando, kanga kiunoni, akamwomba aache saa moja na robo mpaka gunia liishe, kwani jirani zake hawapimi na hakuna anayewauliza. Yeye ndiye anayelipa kwa ukweli wake. Je, ni haki?

Mzee hakumjibu. Alilowesha kitambaa, akafuta “robo”, akaandika “dakika 35”. Kisha akasogea kwenye gunia la pembeni, akalitazama, akauliza limebaki kilo ngapi.