Wa Taka Wamefika!

Asubuhi moja kijana aligonga geti letu Tabata, amevaa fulana ya kijani yenye jina la kikundi chao mgongoni. Jina lilikuwa refu, na ndani yake mlikuwa na neno "okoa" na neno "mazingira". Alikuja kudai shilingi elfu tatu za mwezi. Mama jirani, aliyekuwa amekaa barazani anachambua mchele, akaisoma ile fulana taratibu, kisha akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi nyie si mnalipwa na wafadhili?"

Kijana akajieleza. Guta ni la kukodi, dampo la Pugu liko mbali, na hakuna mfadhili yeyote. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa. Hela hakutoa.

Nilimhurumia yule kijana, maana jina ndilo lililomponza. Masikio yetu yamezoea kwamba anayeokoa, anayesaidia na anayeleta tumaini ana mtu nyuma yake anayelipia mafuta. Ukijiita hivyo umeshamwambia mteja kuwa hela yake ni sadaka, na sadaka mtu hutoa akijisikia. Ada ya kuzoa taka haiendeshwi kwa kujisikia. Ina tarehe, ina risiti, na mwezi ukipita bila kulipwa, guta halitoki.

Wengine wanakimbilia upande wa pili: wanaita uchafu kwa jina lake. Taka, uchafu, jalala. Wanasema ni ukweli, na ukweli unauza. Hapo Kiswahili kina mtego wake. "Taka" peke yake ni neno la kawaida tu, ila likirudiwa likawa "takataka" linaanza kubeba dharau, na kumwita mtu takataka ni tusi. Hata hivyo nisilipige marufuku neno hili, maana Nairobi kuna TakaTaka Solutions, iliyoanza mwaka 2011, na Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna Takataka Plastics, inayogeuza plastiki iliyotupwa kuwa vigae. Kampuni hizo hazikuogopa neno. Lakini angalia kinacholifuata. La Gulu halikuishia kwenye takataka, limetaja mali inayotoka humo. Atakayejiita Takataka tupu, bila chochote cha kulishika mkono, ajiandae kubishaniwa bei kila nyumba. Nani alipe zaidi kwa ajili ya takataka?

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka penye kazi chafu kuliko zote. Mwaka 2011, katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, kampuni iitwayo Sanergy ilianza kuweka vyoo vya kulipia. Vyoo hivyo huendeshwa na wakazi wenyewe kama biashara yao, na kinyesi hukusanywa ndani ya vyombo vinavyofungwa, kikapelekwa kusindikwa. Mlangoni pa choo huoni neno Sanergy. Imeandikwa Fresh Life, na kibanda kimepakwa rangi ya buluu inayoonekana tangu mwanzo wa kichochoro. Mtu akitoa sarafu yake pale, anachonunua ni kutoka akiwa na heshima yake. Hanunui huduma ya kinyesi.

Kile kilichokusanywa kilipogeuzwa kuwa mbolea, mbolea haikubaki na jina la choo. Ikaitwa Evergrow. Na funza wa inzi weusi waliofugwa juu ya mabaki hayo, ambao husagwa kuwa chakula chenye protini cha mifugo, wakapewa jina la KuzaPro. Neno "kuza" hapo mfugaji yeyote wa kuku analielewa bila kuelezwa. Baadaye upande huo wa mbolea na chakula cha mifugo ukapewa jina lake la kampuni, Regen Organics. Ni mzigo uleule uliotoka Mukuru, ila kila mnunuzi amepewa jina linalotaja anachokipata yeye. Mwenye kibanda, mkulima na mfugaji hawakulazimishwa kulipenda jina moja.

Hilo ndilo wengi wanaoanza hawalioni. Kampuni ya kukusanya na kurejeleza taka ina wateja wa aina mbili wasiofanana hata kidogo. Kwanza kuna mwenye nyumba, anayelipa ili kitu kiondoke. Kisha kuna kiwanda, kinacholipa ili kitu kifike. Mwenye nyumba anataka ua wake uwe mweupe na nzi wapungue. Kiwanda kinataka chupa angavu za plastiki zilizotolewa vifuniko na lebo, zisizochanganywa na madumu ya mafuta, uzito wake ule ulioandikwa. Huko kiwandani neno "taka" kwenye ankara linashusha bei kabla mzigo haujafika kwenye mizani. Neno lake pale ni "malighafi".

Tulifanyie kazi hili kwa mfano. Tuseme wako vijana wanne wa Mbagala wenye guta moja na nyumba mia mbili, na wanatafuta jina. Wamekaa chini ya mwembe na daftari.

Wa kwanza anasema "Kiroba". Si vibaya, maana taka za Mbagala zinakaa kwenye viroba, neno ni fupi na kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba kila mtu analijua kwa jambo jingine pia. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, lakini utani wake haukupigwa marufuku. Guta likipita limeandikwa Kiroba ubavuni, vijiwe vyote vitapiga kelele kuuliza kama mzigo ni wa kunywa.

Wa pili anasema "Uani". Hili lilinivutia mimi mwenyewe nilipolifikiria mara ya kwanza. Uani ndiko ndoo ya taka iliko, ni neno la nyumbani, lina staha. Lakini lipeleke kwa bibi yeyote wa Pwani. Kwake yeye "nakwenda uani" maana yake anakwenda msalani. Staha yenyewe ndiyo iliyoliharibu.

Wa tatu anataka "Jumanne", kwa kuwa ndiyo siku wanayopita. Ni wazo la mtu anayejua biashara, maana linatoa ahadi. Ila ahadi hiyo ni kali mno. Pancha moja Jumanne jioni, jina lako ndilo shahidi wa kwanza dhidi yako. Na siku nyumba zikifika mia nne mkaanza kupita na Ijumaa, mtamweleza nini mteja wa Ijumaa? Jina lililofungwa kwenye aina moja ya mzigo lina hatari hiyohiyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na aliyekuwa amejipachika jina la mifuko alijikuta na jina la kitu kilichokatazwa.

Wa nne, aliyekuwa kimya, anasema "Somba". Kusomba ni kuchukua mzigo safari kwa safari mpaka uishe: mtu husomba maji, mchanga, matofali. Neno lina nguvu ya mwili ndani yake, halina harufu, na halimwombi mtu huruma. Nalo lina doa lake dogo, kwa kuwa wakati wa kampeni tunasikia watu "wamesombwa kwa malori" kwenda mkutanoni. Doa hilo linavumilika, kwa sababu hata katika utani huo maana ya neno haipotei: kilichokuwa hapa kimeondolewa chote. Getini wangekuwa Somba, na kwenye ankara ya kiwanda Somba Malighafi.

Ubao na rangi visubiri kwanza, maana jina la biashara ya mtaani linasemwa mara mia kabla ya kusomwa mara moja. Dada wa kazi analipaza kutoka jikoni: "Somba wamefika!" Jaribu kulipaza hivyo jina lenye maneno matano, nusu yake ya Kiingereza, yenye "eko" mwanzoni na "solushensi" mwishoni. Halipazwi. Atasema tu "wa taka wamefika", na jina mlilolitolea jasho limekufa hapo getini. Nendeni nyumba kumi, mjitambulishe kwa jina mara moja tu, bila kulirudia. Baada ya siku mbili rudini, muulize waliopita juzi walikuwa akina nani. Wakisema "wale vijana wa taka" nyumba zote kumi, jina halijashika. Na wakiwauliza mnalipwa na nani, hata kama ni nyumba tatu tu, kuna neno humo linalonuka ufadhili. Litafuteni mling'oe.

Kuna na mahali pengine ambapo jina hupimwa siku hizi, nako ni kwenye simu. Mteja anapolipa kwa lipa namba, jina la anayelipwa humtokea kabla hajathibitisha. Akiona jina la mtu asiyemjua, kaka wa mmoja wenu aliyewaazima laini, vidole vinasita. Akiona jina lilelile alilolisikia getini, analipa. Nimewahi kughairi malipo mwenyewe kwa sababu hiyo tu, nikamlaza mtu na deni wiki nzima ingawa kazi alishaifanya.

Mkishalipata, lipelekeni BRELA kabla ya kulipeleka kwa fundi wa rangi. Kwenye mfumo wao wa usajili mtandaoni mnatafuta kwanza kama jina lipo, kwa kuwa neno zuri huwa limewavutia wengine pia. Halafu msichanganye mambo mawili. Kusajili jina la biashara ni kujitambulisha kwa serikali, na hakumzuii mwingine kuuza huduma kwa chapa inayofanana na yenu. Kinachoilinda chapa ni usajili wa alama ya biashara. Alama husajiliwa kwa madaraja, na ninyi mtahitaji mawili: la 39 kwa ajili ya kukusanya na kusafirisha, na la 40 kwa ajili ya kurejeleza. Neno linaloeleza kazi moja kwa moja, kama "Kuzoa Taka", msitegemee kupewa peke yenu, maana kila mzoa taka anayo haki ya kulitumia. Hata "Somba" linaweza kuletewa hoja hiyo, kwa hiyo wakala wa alama aulizwe mapema. Na siku mkivuka bahari kwenda Unguja na guta lenu, mjue usajili wa Bara hauvuki nanyi. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na jina linaanza upya pale.