Kusakinisha Linux Upya, Mafaili Yabaki

Fundi akisema mfumo wa kompyuta umeharibika na hauna budi kusakinishwa upya, mwenye mali huuliza kwanza kuhusu picha na nyaraka zake. Kwa mtumiaji wa Linux, jibu liliamuliwa siku diski ilipogawanywa. Mfumo na mafaili vikikaa kwenye partisheni moja, ukiifomati vinaondoka pamoja.

Tuchukue laptopu yenye diski ya GB 256 inayowekewa Linux Mint. Kwenye ukurasa wa aina ya usakinishaji, chagua `Something else` badala ya kufuta diski nzima. Tenga kama MB 512 za partisheni ya EFI, inayotumika kompyuta inapowaka, kisha GB 60 za mfumo, uziandikie `/`. Zote zinazobaki ziandikie `/home`. Humo kila mtumiaji ana folda yake, pamoja na mafaili yaliyofichwa yanayotunza mipangilio ya programu. Programu zenyewe hukaa upande wa mfumo, zile za Flatpak zikiwa kwa kawaida chini ya `/var/lib/flatpak`, kwa hiyo usiubane mno: ukijaa, nafasi tele iliyoko `/home` haitausaidia.

Siku ya kusakinisha upya, nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje, maana diski ikifa, partisheni zote hufa nayo. Rudi `Something else`, ipe partisheni ile ile kubwa jina `/home`, na uache kisanduku cha `Format` bila tiki. Tiki iwe kwenye `/` peke yake. Kabla ya kuanza, kisakinishi huonyesha orodha ya partisheni zitakazofomatiwa. Wengi huibofya bila kuisoma, na hapo ndipo mafaili yanapopotea.

Ukisahau kuandika `/home`, kompyuta itawaka na folda zako zitakuwa tupu. Usihamaki. Amri hii itakuonyesha ile partisheni kubwa bado ipo, ila haijaunganishwa popote:

```
lsblk -f
```

Kuna tatizo jingine. Ukitumia jina la mtumiaji tofauti na la zamani, utapewa folda mpya tupu kando ya ile ya awali. Na majina hayatoshi, kwani Linux humtambua mwenye faili kwa namba: mtumiaji wa kwanza kwa kawaida hupewa 1000, wa pili 1001. Tuseme Juma alifunguliwa akaunti kabla ya Asha. Safari hii Asha akitangulia, namba zinapishana, naye Asha anaweza kukataliwa kufungua folda yake mwenyewe. Fungua akaunti kwa mpangilio wa zamani. Ikiwa mmeshachelewa, kagua namba kwa `ls -ln /home`, kisha mrudishie kila mmoja folda yake:

```
sudo chown -R asha:asha /home/asha
sudo chown -R juma:juma /home/juma
```